Naomba ushauri: mkataba wa 2021 umepotelea ndani ya Google Drive ya ofisi

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina miezi miwili tangu niajiriwe kutunza kumbukumbu katika shirika dogo la maji hapa Dodoma, na nimekabidhiwa akaunti ya Google Drive iliyokusanya faili tangu 2016, nyingi zikiwa na majina kama "Scan0047" ambayo hayamwambii mtu chochote. Mkaguzi wa hesabu anataka mkataba wa kuchimba kisima uliosainiwa Machi 2021. Nimeambiwa kwamba mhasibu aliyenitangulia aliuskani mwenyewe kabla ya kuacha kazi. Nikiandika neno "kisima" peke yake naletewa mlolongo usiokwisha, kwa kuwa hakuna ripoti yetu isiyotaja kisima, na nilipojaribu kubana kama ifuatavyo sikupata hata faili moja:

```
type:pdf owner:mhasibu@example.org after:2021-03-01 before:2021-04-01 "mkataba wa kuchimba kisima"
```

Naomba mnieleze ninapokosea.

Fundi_Kihonda

Ndugu, tatizo hilo nalijua, ni nafasi kujaa. Futa video za zamani na picha zinazojirudia, kisha uzime simu na kuiwasha upya. Kwangu kila kitu kilirudi.

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Ahsante kaka, lakini nafasi ipo na hakuna kilichofutika kwa kadiri ninavyojua. Shida yangu ni kutafuta.

Karani_Mstaafu

Mwanangu, umeandika tarehe vizuri, mwaka ukitangulia, maana ukiandika siku kwanza haikuelewi. Isipokuwa elewa kwamba `after:` na `before:` hutazama siku faili ilipoingizwa kwenye Drive, kwa hiyo panua hadi Desemba 2021. Ukishaupata uwekee nyota, ili wenzako wote ofisini wauone kwa urahisi mkaguzi atakapokuja.

Bi_Nyaraka

Shikamoo mzee Karani. Kwa heshima yako, ushauri wa kupanua tarehe naukubali, ila maneno hayo mawili hutazama siku faili ilipobadilishwa mara ya mwisho, si siku ilipoingizwa. Kwa hati ya Word au jedwali linaloendelea kuhaririwa tofauti hiyo ni kubwa: bajeti ya 2019 iliyosahihishwa wiki iliyopita itatokea kama faili ya wiki iliyopita.

Sasa nirudi kwa mwenye swali. Umefunga masharti manne kwa pamoja, na Drive huleta faili inayotimiza yote manne. Likiwa kosa moja tu, unabaki na ukurasa mtupu bila kuambiwa ni lipi. Ondoa sharti moja baada ya jingine, na mimi ningeanza na la mwenye faili. Mtu anapoacha kazi, kwa kawaida msimamizi wa akaunti huhamishia faili zake kwa mtu mwingine kabla ya kuifunga akaunti yake, na tangu hapo mwenye faili ni huyo mwingine, hata kama hakuwahi kuifungua. Ili kuhakikisha, chagua faili yoyote unayojua kwamba ni ya mhasibu huyo, fungua sehemu ya maelezo iliyo upande wa kulia, na usome jina la mmiliki. Kama faili ziko kwenye Drive ya pamoja ya shirika, hapo hazina mmiliki mtu binafsi kabisa, na `owner:` haitakusaidia.

La pili ni tarehe. Machi 2021 ni mwezi ambao kalamu iligusa karatasi. Karatasi hiyo iliskaniwa lini? Ofisi nyingi nilizofanyia kazi huskani mikataba pale mkaguzi anapokaribia, si pale inaposainiwa.

La tatu ni zile alama za kunukuu. Zinadai maneno yafuatane vilevile ulivyoandika, na kwenye karatasi iliyoskaniwa mhuri wa bluu ukiwa juu ya neno moja, mashine inaweza kulisoma vibaya na mfuatano wote ukavunjika. Andika maneno mawili au matatu bila alama hizo, na uchague yale yaliyo kurasa za mwanzo, kwa sababu PDF ambayo ni picha tupu husomwa maandishi ya kurasa 10 za kwanza tu, wakati ile yenye maandishi halisi husomwa hadi kurasa 100. Usitegemee pia kwamba ukiandika umoja utaletewa wingi. Andika `mkataba OR mikataba`, herufi za OR zikiwa kubwa.

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Bi Nyaraka, Mungu akuzidishie. Nilitazama maelezo ya jedwali moja la mishahara, nikakuta mmiliki ni mkurugenzi wetu. Niliondoa `owner:` na alama za kunukuu, bado sikupata kitu. Nilipoongeza tarehe ndipo ilipotokea:

```
type:pdf after:2021-03-01 before:2022-06-30 mkataba kisima mkandarasi
```

Faili zilikuja 9, na ya sita ndiyo yenyewe, "Scan0112", ya tarehe 17 Februari 2022. Ina kurasa 24. Jambo moja limenishangaza: nilijaribu kutafuta kiasi cha malipo kama kilivyoandikwa ukurasa wa 18, nacho hakikuileta faili hii.

Bi_Nyaraka

Ukurasa wa 18 umepita ile mipaka ya kurasa 10. Badilisha jina la faili liwe la kueleweka, kisha katika sehemu ileile ya maelezo kuna nafasi ya kuandika ufafanuzi; andika hapo jina la mkandarasi, kijiji, kiasi na mwaka. Maneno ya ufafanuzi hutafutika sawa na maneno yaliyo ndani ya hati, na hayajali faili ina kurasa ngapi.

Kuhusu nyota, mzee Karani, nyota ni ya mtu na akaunti yake. Mwenzako haioni. Mimi huiweka kwenye faili za wiki hii tu, kisha Ijumaa naandika `is:starred` na kuziondoa zote, kwa sababu nyota 200 hazina tofauti na kutokuwa na nyota.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Basi mimi nimekuwa nikiwawekea wenzangu nyota kwa miaka mitatu, nikishangaa kwa nini hawanishukuru.

Salma_Unguja

Kwani lebo hazifai kwa kazi hii? Ofisini kwetu kila mkataba una lebo yenye hali yake na tarehe ya kuisha, nami nachuja mikataba inayokaribia kuisha bila kufungua hata mmoja.

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Dada Salma, nimebofya kulia kwenye faili kadhaa na sioni neno lebo popote.

Salma_Unguja

Lebo huundwa na msimamizi wa akaunti za shirika, na zipo kwenye baadhi ya vifurushi vya kulipia tu; akaunti ya kawaida ya mtu binafsi haina. Muulize msimamizi wenu mko kifurushi gani. Hata akiziwasha, mikataba ya zamani haitapata lebo yenyewe, mtu atalazimika kukaa na kuiwekea. Sisi tulianza na mikataba iliyo hai peke yake, na ya nyuma bado imekaa bila lebo.

Mtunza_Kumbukumbu_Dom

Nitamuuliza. Kwa sasa nimeanza kuandika ufafanuzi kwenye mikataba ya 2021. Kimebaki kiambatisho cha nyongeza ya bei ambacho mkataba unakitaja; nimetafuta kwa jina la mkandarasi, nimeondoa `type:pdf` nikidhani huenda ni picha ya simu, na nimepekua hata pipa la taka, ingawa najua faili hufutika humo baada ya siku 30. Sijakiona. Inawezekana hakikuwahi kuskaniwa, kwa hiyo kesho nitaomba ufunguo wa kabati.