Feni 3 mbele, au 2 mbele na 1 juu? PC yangu ya kwanza inachemka

Kijana_wa_Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Nimeunganisha PC ya gemu kwa mara ya kwanza, inawaka vizuri, ila nikicheza nusu saa kadi ya grafiki inafika nyuzi 83 na prosesa 86. Keisi ilikuja na feni 1 tu, ya nyuma. Nina hela ya feni 3 za milimita 120. Niweke zote mbele, au 2 mbele na 1 juu? Nanunua Jumamosi.

FundiMsasani:
Mkuu, umeacha yale ya muhimu. Uso wa mbele wa keisi ni wavu au kioo? Kadi gani? Chumba kina joto kiasi gani? Feni haipoozi hewa, inaisukuma tu.

Mama_Gemu_Tanga:
Achana na feni, chukua kipoozeo cha maji. Tangu niweke changu prosesa haijavuka 70.

FundiMsasani:
Dada, hicho kitamsaidia kwenye prosesa. Kadi yake itabaki inavuta hewa ileile ya moto.

Otieno_Pixel:
Yangu pia inachemka, laptop ya miaka minne. Hizi feni zinaingia?

FundiMsasani:
Hapana ndugu, ya laptop fungulia uzi wake.

Mzee_Kariakoo:
Kijana, kabla hujanunua, kagua hiyo feni ya nyuma. Nakwambia kwa sababu yangu ilinitesa miezi miwili. Niliifunga ule uso mzuri wenye taa ukitazama nje, nikaona imependeza. Kumbe feni ya kawaida huvuta kwa uso ulio wazi na kutoa kwa upande wenye vile vikono vinavyoshika mota. Kwa hiyo yangu ilikuwa inaingiza hewa, wakati kipoozeo cha prosesa kinasukuma kuelekea nyuma, vikawa vinapigana ana kwa ana. Nilibadilisha pesti mara mbili, nikanunua na kipoozeo kipya, wapi! Siku moja nikashika kipande cha tishu nyuma ya keisi, kikanata kwenye feni badala ya kupeperuka. Nikaigeuza, na prosesa ikashuka nyuzi 14 usiku uleule. Angalizo: siku hizi kuna feni zenye mapanga yaliyogeuzwa, zinavuta kwa upande wa vikono, kwa hiyo tishu ndiyo ya kuamini.

Kijana_wa_Sinza:
Asante mzee, tishu inapeperuka. Fundi: mbele ni kioo, pembeni kuna upenyo wa kama upana wa kidole. RTX 4060, Ryzen 5 5600. Chumba nyuzi 31, sina kiyoyozi.

FundiMsasani:
Kioo, nilijua. Fanya hivi usiku wa leo: cheza gemu ileile dakika 20 keisi ikiwa imefungwa, andika namba. Kisha toa mlango wa pembeni, rudia. Zikishuka nyuzi mbili tatu, njia ya hewa iko sawa. Zikishuka sana, keisi inabanwa pumzi.

Kijana_wa_Sinza:
Imefungwa: kadi 83, prosesa 86. Wazi: kadi 72, prosesa 78.

FundiMsasani:
Nyuzi 11 kwenye kadi! Hiyo 4060 ni ya wati 115 tu, haikupaswa kuhangaika hivyo. Weka 2 mbele zikiingiza, moja iwe usawa wa kadi, acha ya nyuma itoe. Ya tatu isubiri. Ila kioo kikibaki, hata 3 zitavuta kupitia upenyo uleule.

Zungu_la_Vumbi:
Mimi ningeweka zote juu. Joto hupanda, hilo halina ubishi.

FundiMsasani:
Hupanda polepole mno, feni yoyote inalishinda. Na ukiweka ya juu karibu na uso wa mbele, inanyakua hewa safi kabla haijafika kwenye kipoozeo. Juu nyuma, sawa, sina shida nayo.

Zungu_la_Vumbi:
Na vumbi je? Nakaa kando ya barabara ya vumbi. Feni za kuingiza zikizidi, keisi inajaa.

Mzee_Kariakoo:
Kinyume chake. Za kutoa zikizidi ndipo vumbi linapenya kwenye kila mwanya usio na chujio. Zikizidi za kuingiza linanasa kwenye chujio la mbele, unalifuta.

Zungu_la_Vumbi:
Nimefuta mbele kila wiki na bado ndani kuna utando. Sikubali.

Mama_Gemu_Tanga:
Si aiache wazi tu? 72 inatosha.

Kijana_wa_Sinza:
Nina mdogo wangu wa miaka mitatu dada, vidole vyake viko kila mahali. Nimejaribu kuvuta kioo cha mbele, kimeshikwa na klipu nne za plastiki, mbili zimeachia. Kuna aliyewahi kutoa kioo akaweka wavu wa dirisha? Wa mbu una matundu madogo sana, naogopa nao utabana.