Tangazo la kazi la duka limerudishwa: saa, majukumu na malipo havilingani

Kutoka: Mwenye Duka

Ndugu zangu, salaam. Jana ofisi ya ajira ilinirudishia ile fomu ya nafasi ya kazi pamoja na tangazo nililoambatisha, kwa maelezo kwamba nakala ya lugha ya hapa na nakala ya Kiswahili hazisemi jambo moja. Kilichowafikisha hapo ni dada mmoja aliyekuja kufanyiwa usaili akakuta duka limefungwa, akasimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaenda kulalamika.

Tangazo la Kiswahili nililiandika mwenyewe, nalo ni fupi: «Duka dogo linatafuta msaidizi wa muda. Kazi ni kusaidia dukani, kuwajibika kwa droo ya fedha na kazi nyingine ndogondogo. Kuanzia saa 2 hadi saa 6 na nusu, Jumanne hadi Jumamosi, hadi saa 20 kwa wiki. Usaili ni saa 2. Malipo 12, kila wiki mbili.»

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, nimekosea wapi? Pili, je, tafsiri hii lazima iwe na mhuri wa mfasiri aliyesajiliwa, au sahihi yangu inatosha?

Kutoka: Kaka wa Zamu ya Usiku

Dada, kosa lako ni saa tu, na dawa yake ni ndogo. Andika 14:00 hadi 18:30 kama inavyoandikwa kwenye simu, na hakuna mtu atakayebishana nawe. Mimi ratiba yangu ya zamu imeandikwa hivyo kwa miaka yote niliyofanya kazi usiku, na sijawahi kuchelewa hata siku moja.

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Kijana amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomsimamisha yule dada mlangoni. Mwenye Duka alichukua tarakimu za lugha ya hapa akazihamisha zilivyo. Kwa Kiswahili, saa 2 bila neno jingine ni saa mbili ya asubuhi, na saa 6 na nusu ni baada ya adhuhuri kidogo. Kwa hiyo msomaji wetu alisoma zamu ya asubuhi iliyokamilika, isiyo na dalili yoyote ya kosa, akafika mapema kwa muda wa saa sita nzima. Hilo ndilo baya la kosa hili: halionekani kuwa kosa, kwa sababu zamu ya saa nne na nusu inabaki ni ya saa nne na nusu hata ukiisogeza.

Wakati huohuo, watoto wetu waliokulia huku husoma «saa 2» kama wanavyoiona kwenye simu. Tangazo lina wasomaji wa aina zote mbili, hivyo andika kwa ajili ya wote wawili: «saa 8:00 mchana (14:00) hadi saa 12:30 jioni (18:30)». Neno mchana au jioni lisiachwe kamwe, hata pale unapodhani kila mtu anajua. Ukiandika 14:00 peke yake, mtu mzima aliyezoea saa zetu ataanza kupiga hesabu kichwani, na wengine huongeza sita mahali pa kupunguza.

Kisha kuna «hadi saa 20 kwa wiki». Ukishaanza kutumia saa za tarakimu 24 kama Kaka anavyoshauri, sentensi hiyo inaweza kusomwa kwamba kazi inaendelea mpaka 20:00. Andika «saa 20 za kazi kila wiki». Neno «hadi» nalo liondoke kama saa hizo ni za uhakika, kwa sababu linamruhusu mwajiri kutoa saa tano tu na bado awe amesema kweli.

Kutoka: Bi. Mwalimu

Shikamoo Mzee. Hapo ndipo watu wengi huandika «masaa 20» ili kutofautisha muda wa kazi na saa ya ukutani, nami naomba tusiwafuate. Wingi wa saa ni saa.

Kutoka: Kaka wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, sarufi haikumsaidia yule dada aliyesimama nje. Nikisema «masaa 20», hakuna anayedhani nazungumzia saa ya ukutani. Tunatafuta kueleweka, hatusahihishi mtihani.

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Marahaba, Mwalimu. Nyote mwaweza kuridhika na «saa 20 za kazi», ambayo haina utata na haimuudhi yeyote. Tuendelee, kwani kuna jambo kubwa zaidi ambalo naona ofisi imelishika.

Dada, tupige hesabu kama karani wa ofisi anavyoipiga. Kutoka saa 8:00 mchana hadi saa 12:30 jioni ni saa nne na nusu. Siku ni tano, Jumanne hadi Jumamosi. Jumla ni saa 22 na nusu, wala si 20. Ama saa zako si sahihi, ama kuna kitu kwenye nakala ya kwanza ambacho hukukitafsiri.

Kutoka: Mwenye Duka

Mzee, kweli kipo. Nakala ya kwanza inasema kuna mapumziko ya nusu saa yasiyolipwa katika kila zamu. Niliyaacha kwa kuwa niliona ni jambo dogo na sehemu ya kuandikia ni finyu.

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Basi saa mbili na nusu zimepatikana: nusu saa kwa siku tano. Kwa malipo yako ya 12 kwa saa, ni 30 kila wiki ambazo mfanyakazi angeamini kwamba umemdhulumu, na wewe ungeamini kwamba hakusoma. Kabla ya kupeleka tangazo lolote, zidisha saa za zamu kwa siku, ondoa mapumziko, uone kama unapata jumla uliyoiandika.

Sasa «msaidizi wa muda». Nakala yako ya kwanza inasema nini, kazi ina tarehe ya mwisho au haina?

Kutoka: Mwenye Duka

Haina mwisho, ni ya kudumu. Nilitaka kusema kwamba si ya siku nzima.

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Ndivyo nilivyohofia. Wapo wanaotumia «kazi ya muda» kwa kazi ya saa chache, lakini maana ya wazi zaidi ni kazi ya kupita, ambayo ikimalizika unaambiwa kwaheri. Mtu mwenye familia ataliruka tangazo hilo hata kama saa zinamfaa kabisa. Hatuna neno moja fupi ambalo kila mtu analielewa kwa namna moja, kwa hiyo usilitafute. Sema mambo mawili kwa maneno mawili: ajira ni ya kudumu, na ni ya saa 20 za kazi kila wiki.

Kutoka: Aliyekuwa Kaunta

Samahanini kwa kuingilia, lakini mmeipita ile «kuwajibika kwa droo ya fedha» kana kwamba ni maneno ya kawaida. Mimi niliingia kazini kwa tangazo lenye maneno hayohayo, kwenye duka ambalo sitalitaja. Wiki ya tatu droo ikapungua, na mwenye duka akakata kwenye malipo yangu akinionyesha neno «kuwajibika». Tulikuwa watu watatu tunaotumia droo moja. Nilipouliza, nikaambiwa nilisoma kabla ya kukubali.

Kutoka: Bi. Mwalimu

Pole sana. Ni kweli, kwa Kiswahili kuwajibika kwa fedha hubeba dhana ya kuzilipa zikipotea, ilhali pengine nakala ya kwanza inasema tu kwamba mtu atapokea malipo kaunta. Andika kitendo chenyewe kinachofanywa na mikono: «kupokea malipo ya wateja kaunta na kuhesabu fedha za droo mwisho wa zamu».

Pia futa «kusaidia dukani» na «kazi nyingine ndogondogo». Ya kwanza haisemi lolote, na ya pili inasema chochote. Kama ni kupanga bidhaa kwenye rafu, kufagia na kupiga deki, taja hivyo, na kama kuna kubeba maboksi, taja uzito.

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Nakubaliana na Mwalimu, kwa tahadhari moja. Mfasiri hana mamlaka ya kupunguza wajibu uliomo kwenye nakala ya kwanza kwa sababu tu anamwonea huruma mfanyakazi. Kama neno la kule lina maana mbili, mwulize mwenye tangazo anakusudia ipi, kisha rekebisha nakala zote mbili. Ukirekebisha ya Kiswahili peke yake, ofisi itairudisha tena kwa sababu ileile.

Kutoka: Mwenye Duka

Nawashukuru nyote. Sikati malipo ya mtu kwa upungufu wa droo, na nimelirekebisha neno hilo katika nakala zote mbili. Tangazo sasa liko hivi:

«Duka dogo linahitaji mhudumu mmoja. Ajira ni ya kudumu, ya saa 20 za kazi kila wiki. Siku za kazi ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Zamu inaanza saa 8:00 mchana (14:00) na kumalizika saa 12:30 jioni (18:30), na ndani yake kuna mapumziko ya dakika 30 yasiyolipwa. Mhudumu atapokea malipo ya wateja kaunta, atapanga bidhaa kwenye rafu, atafagia na kupiga deki eneo la mauzo, na atahesabu fedha za droo pamoja na mwenye duka mwisho wa zamu. Mizigo ya kubeba haizidi kilo 15. Malipo ni 12 kwa kila saa ya kazi kabla ya makato, yaani 240 kwa wiki, na hulipwa kila baada ya wiki mbili.»

Kutoka: Mfasiri Mstaafu

Limekaa vizuri. Taja jina la sarafu kwa ukamilifu. «Kila baada ya wiki mbili» uiache ilivyo, wala usiibadilishe iwe «mara mbili kwa mwezi» kwa kuona ni fupi: ya kwanza ni malipo 26 kwa mwaka, ya pili ni 24, na mtu hupanga kodi ya nyumba kwa kufuata hilo.

Kutoka: Aliyekuwa Kaunta

Mimi nina swali. Kuhesabu droo «mwisho wa zamu» ni kabla ya saa 12:30 au baada yake? Mteja wa mwisho akitoka saa 12:30 kamili, kuhesabu kunaanza lini, na nani anazilipa dakika hizo?

Kutoka: Mwenye Duka

Kwa sasa tunahesabu baada ya kufunga, kama dakika kumi hivi. Sikuwahi kuzifikiria kuwa ni saa za kazi.

Kutoka: Aliyekuwa Kaunta

Dakika kumi kwa siku tano ni dakika 50. Ni karibu saa moja kila wiki, Dada.

Kutoka: Kaka wa Zamu ya Usiku

Mfungie mteja mlango saa 12:20, yaishe.

Kutoka: Mwenye Duka

Wateja wangu wengi huja dakika hizohizo za mwisho, Kaka. Nitalitafakari kabla ya Jumatatu, maana fomu lazima irudi siku hiyo. Naomba pia mwenye kujua anieleze kuhusu ule mhuri, kwani bado sijapata jibu.

Kutoka: Mjomba

Nimesoma ujumbe wa kwanza sasa hivi. Hiyo nafasi ya saa 2 bado ipo? Mpwa wangu yuko huru asubuhi zote.