Shafti ya feni ya moshi itarefuka kiasi gani ikipata moto? Naomba ushauri

Fundi wa Nyando

Habari zenu, ndugu na dada. Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sukari huku kwetu Nyando, upande wa Kisumu. Tumefungua feni inayonyonya moshi kutoka kwenye boila ya kuchoma makapi ya miwa, na tunataka kuirudisha ikiwa na shafti mpya. Shafti ya zamani tuliitoa kwa sababu beringi ya upande usio na mota ilikuwa ikipanda joto hadi nyuzi 95 ndani ya saa mbili za kazi, halafu feni nzima inaanza kutikisika.

Umbali kati ya beringi mbili ni milimita 2,600, unene wa shafti ni milimita 110, na moshi unaopita katikati una joto la nyuzi 160 za Selsiasi. Nimetumia kiwango cha mtanuko cha chuma cha kawaida, yaani sehemu 12 kwa kila milioni kwa kila nyuzi, nikapata hivi:

```
ΔL = α × L × T
ΔL = 0.000012 × 2600 × 160 = 4.99 mm
```

Ndani ya kasha, beringi ya upande usio na mota ina nafasi ya kusogea milimita 5 kwenda nje na milimita 5 kwenda ndani. Kwa hesabu yangu shafti itaimaliza nafasi ya nje yote. Msimamizi wangu anasema tuendelee kufunga kama ilivyokuwa, lakini moyo wangu haujaridhika. Je, hesabu yangu ni sahihi?

Mwalimu wa Kakamega

Ndugu yangu, kosa la kwanza liko wazi. Kinachozidishwa ni tofauti ya joto, wala si joto lenyewe, kwa sababu shafti ilikuwa tayari na urefu wake ulipoipima ikiwa baridi. Ikiwa karakana yenu ilikuwa na nyuzi 24 siku ya kupima, tofauti ni 136, na mrefuko unashuka hadi milimita 4.24. Wala usihangaike kubadilisha nyuzi za Selsiasi kuwa Kelvini, kwa maana tofauti inabaki ileile katika vipimo vyote viwili. Mwanafunzi anayeongeza 273 kwenye joto la mwisho peke yake ndiye anayeharibu kila kitu.

Jambo la pili ni kwamba chuma hutanuka kutoka katikati yake kwenda pande zote mbili. Kwa hiyo gawanya 4.24 kwa mbili, na kila beringi itasukumwa milimita 2.12 tu. Nafasi ya 5 inakutosha na inabaki.

Bi Fundi, Nakuru

Hujambo, fundi. Kwetu hapa Nakuru huwa tunaipasha beringi moto hadi nyuzi 110 hivi kabla ya kuivika kwenye shafti, na haturuhusu ipite 120 ili chuma cha beringi kisipoteze ugumu wake. Siku moja kijana aliipasha kwa moto wa gesi moja kwa moja, na ikabidi tuitupe. Kwa hiyo tumia bafu la mafuta au kipashio cha umeme, na uipime joto kabla ya kuivika.

Fundi wa Nyando

Asante sana, dada, ingawa swali langu ni la shafti ikiwa kazini, si la kuvika beringi. Hata hivyo nitaukumbuka ushauri huo, kwani beringi mpya tunazo.

Mwalimu, nashukuru kwa sahihisho la tofauti ya joto. Karakana ilikuwa nyuzi 24 kweli, niliisoma asubuhi. Hilo la kugawanya kwa mbili ndilo linalonitatiza, kwa sababu beringi ya upande wa mota ina pete mbili za kuishikilia ndani ya kasha na haisogei hata kidogo.

Mzee wa Feni, Bungoma

Kijana wangu, umejijibu mwenyewe. Mwalimu asingekosea kama shafti ingekuwa imelala mezani bila kushikwa popote. Lakini yako imeshikwa upande wa mota, basi mrefuko wote unahesabiwa kutoka pale na unaishia kwenye beringi ya upande wa pili. Hakuna kugawanya.

Kinachonisumbua zaidi ni hizo nyuzi 160. Hilo ni joto la moshi, si la shafti nzima. Shafti inapotoka nje ya bodi la feni na kuikaribia beringi, hupoa. Chukua kipande cha katikati, kilicho ndani ya moshi, tuseme ni milimita 1,400. Kila upande unabaki na milimita 600 ambazo joto lake linashuka kutoka 160 hadi labda 60 karibu na beringi, na wastani wake ni 110. Ukihesabu kila sehemu peke yake na kujumlisha, unapata hivi:

```
katikati:   1400 × (160 − 24) = 190,400
pembeni:    1200 × (110 − 24) = 103,200
ΔL = 0.000012 × 293,600 = 3.52 mm
```

Kisha kumbuka kwamba makasha ya beringi yamekaa juu ya msingi wa zege, na msingi nao hupata joto kidogo kutoka kwa feni. Ukipanda nyuzi 10, zege hutanuka karibu milimita 0.26 kwa umbali huo, na kasha la nje linasogea pamoja nao. Toa kiasi hicho, ubaki na 3.26. Hiyo ndiyo safari ambayo beringi itasafiri ndani ya kasha lake.

Sasa niambie mambo mawili. Ulipoifungua beringi iliyoungua, safu zote mbili za gololi zake zilikuwa na alama sawa? Na ndani ya kasha lake mlikuta pete zozote?

Kijana wa Kisumu Poli

Samahani, mzee, kwa kuingilia. Unene wa milimita 110 haujaingia popote kwenye hesabu. Je, shafti nene haitanuki zaidi?

Mzee wa Feni, Bungoma

Kwa urefu, hapana, mwanangu. Shafti ya milimita 50 na ya milimita 110 zitarefuka sawa ikiwa urefu na joto ni sawa. Unene unaingia pale shafti inapozuiwa isirefuke. Shafti hii ikibanwa kabisa pande zote mbili, ingetaka kusukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 250. Hakuna kasha wala bolti la msingi litakalostahimili hilo, kwa hiyo kabla ya kufika huko kitu kitalegea au kuungua, na kwa kawaida ni beringi ndiyo inayotangulia.

Fundi wa Nyando

Mzee, nimerudi karakana nikaitoa beringi ya zamani kutoka kwenye boksi la vyuma chakavu. Safu moja ya gololi imeng'aa na njia yake imechubuka, ile nyingine ni kama mpya. Na fundi aliyefungua kasha anakumbuka kwamba mlikuwa na pete mbili, moja kila upande, sawasawa na kwenye kasha la mota. Tulidhani ndivyo inavyotakiwa.

Mzee wa Feni, Bungoma

Ndipo penye ugonjwa. Ile nafasi ya milimita 5 uliyoipima ilikuwa imejazwa na pete, na beringi haikuwa na pa kwenda. Shafti ilirefuka, ikaisukuma beringi dhidi ya pete ya nje, na mzigo wote ukalala kwenye safu moja. Safu moja kuchakaa na nyingine kubaki salama ni dalili ya msukumo wa pembeni. Beringi iliyokosa grisi huchubuka pande zote mbili.

Ziache pete za upande wa mota mahali pake. Za upande huu mwingine ziondoe zote. Kisha hakikisha duara la nje la beringi linateleza ndani ya kasha ukilisukuma kwa mkono, kwa sababu hata bila pete, likikwama kwa kutu au kwa kasha lililobanwa kupita kiasi, utarudi palepale. Wala usiiweke beringi katikati ya kasha ikiwa baridi. Isogeze milimita 2 kuelekea kwenye feni, ili kwenda nje ipate nafasi ya 7 na kwenda ndani ya 3. Ikishapata moto, itakaa karibu na katikati.

Jambo la mwisho kwa leo: hakikisha hiyo shafti mpya ni chuma gani. Ukikuta ni chuma kisichoshika kutu cha aina isiyovutwa na sumaku, kiwango chake ni karibu 17 badala ya 12, na 3.52 inakuwa kama 5.

Fundi wa Nyando

Sumaku imeng'ang'ania shafti kwa nguvu, na karatasi ya mnunuzi inasema ni chuma cha kaboni. Pete zimetolewa, beringi imesogezwa milimita 2. Nitaleta majibu.

Fundi wa Nyando

Ni siku ya nne sasa. Beringi inakaa nyuzi 62 na mtikisiko umetulia. Tulichora alama kwenye shafti karibu na beringi na kuweka kisoma-alama kwenye msingi. Jana tulizima, tukafunga swichi kwa kufuli, tukasubiri feni isimame kabisa, kisha tukapima. Alama imesogea milimita 2.9, si 3.26. Je, nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kakamega

Kwanza nakubali kwamba kugawanya kwangu hakukufaa hapa. Ukirudisha ile 0.26 ya msingi juu ya 2.9, shafti imerefuka 3.16, na hiyo inamaanisha ilipanda wastani wa nyuzi 101 badala ya 113. Nadhani katikati haikufika 160.

Mzee wa Feni, Bungoma

Inawezekana, au ilipoa wakati mkiisubiri isimame. Dakika kumi za upepo baridi hupunguza kitu. Kupima kwa bunduki ya joto kwenye chuma kinachong'aa hakutawasaidia, kwa sababu itasoma chini ya ukweli. Mpakeni rangi nyeusi isiyong'aa pale inapotoka kwenye bodi, ndipo mpime hapo. Tofauti hii haiharibu beringi, nafasi iko.

Lakini gurudumu la feni liko katikati ya shafti, na lenyewe limesogea karibu nusu ya kiasi hicho kutoka upande wa mota. Mmepima uwazi kati yake na koni ya kuingizia moshi?

Fundi wa Nyando

Tuliupima ikiwa baridi, ni milimita 6 pande zote. Sikuwaza kwamba utabadilika.

Mzee wa Feni, Bungoma

Utabadilika, na huenda si kwa upande unaoudhania, kwa sababu bodi la feni nalo ni chuma cha moto na linatanuka kutoka pale lilipofungwa kwa bolti zisizolegea. Bila kujua bolti hizo ziko miguu ya upande gani, siwezi kukwambia kama uwazi unapungua au unaongezeka. Angalia miguu hiyo utuambie.

Fundi wa Nyando

Miguu imefunikwa na masizi na makapi. Jumapili boila inazimwa kwa usafi, nitaingia chini na tochi.