Wakuu, swali la digoksini limeninyima alama, nikate rufaa?

Kijana wa Kimara: Habari za jioni wakuu. Nasoma famasia mwaka wa tatu hapa Dar. Kwenye jaribio tulipewa mgonjwa wa kilo 60 anayeanza digoksini, dawa ya moyo. Ujazo wa mtawanyiko ni lita 7 kwa kila kilo, asilimia 70 ya kidonge ndiyo inafika kwenye damu, na lengo ni mikrogramu 1 kwa lita. Nikapata dozi ya mwanzo mikrogramu 600, nikapewa vema. Nikaendelea kwamba kwa kuwa tumemfikisha kwenye 1 siku hiyohiyo, tayari yuko kwenye hali thabiti, yaani dawa inayoingia inalingana na inayotoka, basi abaki na kidonge kimoja cha 0.25 mg kila siku. Hapo nimepigwa sifuri. Nina mawazo sana. Nikate rufaa?

Mzee wa Gerezani: Vijana wa siku hizi mnakimbilia rufaa kabla ya kitabu. Sisi tulikuwa tunamfuata mwalimu na daftari mkononi.

Binti Mbagala: Kata rufaa. Bila dozi ya mwanzo mgonjwa anasubiri nusu uhai nne hadi tano, yaani mara nne hadi tano ya muda wa dawa kupungua nusu mwilini. Ukimpa, umemvusha foleni yote. Na nusu uhai ya digoksini ni saa 40 hivi, 0.25 inafaa kabisa.

Dada wa Dirishani: Mdogo wangu, kwenye lita 420 kukiwa na mikrogramu 1 kwa kila lita, mtu mwenye nusu uhai ya saa 40 anatoa karibu mikrogramu 175 kwa siku. Kidonge cha 0.25 mg ni mikrogramu 250, ukichukua asilimia 70 kinarudisha 175 hizohizo. Kwa mtu huyo uko sahihi. Swali lilisema nini kuhusu figo?

Kijana wa Kimara: Lilisema nusu uhai siku 4. Lakini dada, hilo halibadilishi dozi ya mwanzo.

Dada wa Dirishani: Una nusu uhai yake? Siku 4 kwa sababu gani?

Kijana wa Kimara: Figo zimedhoofika. Ila nilichoulizwa ni dozi.

Chuma cha Reli: Hahaha, mshtakiwa ameficha kisu mfukoni.

Dada wa Dirishani: Hapo ndipo alama zako zilipo. Ndoo umeijaza vizuri, lakini tundu la kutolea maji limeziba nusu. Kwa siku 4 anatoa kama 73 tu, wewe unamwongezea 175. Kiwango kitapanda mpaka kutoka kulingane na kuingia, na hiyo ni kwenye 2.4. Pengo kati ya alipo na anakoelekea linapungua nusu kila siku 4. Siku ya 4 yuko 1.7, siku ya 8 kashapita 2, na huko ni kwenye sumu. Dozi ya mwanzo haikumfikisha kwenye hali thabiti. Ilimweka kwenye 1, na kidonge chako kikaamua aende wapi. Nusu kidonge kingempeleka 1.2.

Kijana wa Kimara: Lakini kesho yake akipimwa anasoma kama 1.2, ni salama. Daktari angemwacha aendelee. Na barua ya rufaa nimeshaipeleka.

Dada wa Dirishani: Ndiyo hatari ya kipimo cha kesho yake, kinaonekana kizuri. Hapo unaona matokeo ya dozi ya mwanzo, bado huoni ya dozi ya kila siku. Huyu atatulia baada ya siku 16 hadi 20.

Mama Abdul: Jamani, mama yangu alikuwa na dawa hiyo na figo zake mbovu. Wiki ya kwanza mzima. Baadaye kichefuchefu, hataki chakula, anasema taa zina njano. Tukadhani malaria. Huyo kijana asilipuuze hili.

Chuma cha Reli: Wakuu, hii ni chai. Mia moja sabini na tano inaingia, mia moja sabini na tano inatoka? Hesabu imenyooka mno. Dogo ana kazi ya nyumbani ya kesho, katutungia rufaa tumfanyie. Weka picha ya karatasi.

Kijana wa Kimara: Karatasi iko ofisini na barua. Sitaki chuo kijulikane.

Binti Mbagala: Hata kama ni chai, hiyo 600 yenyewe naitilia shaka. Figo zikishindwa, mtawanyiko wa digoksini nao unapungua. Kwa hiyo hata ile vema si haki yake.

Dada wa Dirishani: Hilo kweli, wodini ningeipunguza dozi ya mwanzo. Ila swali limempa lita 7, afuate alichopewa.

Binti Mbagala: Basi swali lenyewe ndilo la kukatiwa rufaa.

Kijana wa Kimara: Naweza kuongeza hoja hiyo kwenye barua?

Chuma cha Reli: Picha kwanza.