Kidonge cha sukari kinamezwa alfajiri, chakula kinaliwa saa tano: tufanyeje?

Binti wa Kirumba:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Baba yangu ana miaka 66 na ananunua dagaa mwaloni Kirumba. Ameandikiwa glibenklamaidi ya miligramu 5, kimoja asubuhi na kimoja jioni kabla ya kula, pamoja na metformini. Kwa kuwa mitumbwi hufika mapema, humeza glibenklamaidi saa kumi na moja alfajiri kwa chai ya rangi isiyo na sukari, kisha hali chochote hadi saa tano.

Jumanne alihesabu madebe yaleyale mara tatu na kupata idadi tofauti kila mara, akamgombeza mbebaji bila sababu, na shati lake lilikuwa limelowa jasho la baridi ilhali upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma. Tulidhani ni malaria, mpaka jirani mwenye kipimo alipomtoboa kidole, kikasoma 2.9. Tulimpa soda, akapata nafuu, akarudi nyumbani na kulala bila kula. Saa kumi jioni tulimkuta anatetemeka tena, kipimo kikiwa 3.2. Je, asipokula aruke kidonge? Na kwa nini sukari ilishuka mara ya pili ilhali hakumeza kingine?

Mama Nansio:
Pole, mwanangu. Asiyekula asimeze dawa yoyote ya sukari, hata hiyo metformini. Ila soda mlikosea, kwa sababu mgonjwa wa kisukari haruhusiwi soda. Siku nyingine mpeni ugali na karanga, sukari itapanda yenyewe.

Mfamasia Nyakato:
Mama yangu, kuhusu kuruka glibenklamaidi uko sahihi, lakini kuhusu soda siafikiani nawe. Mtu aliyefika 2.9 anahitaji sukari inayoingia kwenye damu kwa haraka, na karanga zina mafuta yanayochelewesha jambo hilo. Mpeni nusu glasi ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Kama bado yuko chini ya 4, rudieni. Akishapanda, hapo ndipo ugali au viazi vinapofaa, na hapo ndipo mlipoteleza Jumanne. Akizimia, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Binti, kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, ndiyo maana kinafungamanishwa na mlo na si na saa ya ukutani. Kama mlo haupo, kidonge cha mlo huo kinaachwa, na hakifidiwi kwa kumeza viwili baadaye. Glibenklamaidi hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo soda iliisha na dawa ikaendelea kufanya kazi. Kwa mzee wa umri wake, na hasa kama figo ni dhaifu, mshuko unaweza kurudi hata kesho yake, kwa hiyo siku ile alistahili kuangaliwa hospitali. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari namna hii. Je, figo zimepimwa? Na wiki ile alikuwa akitumia septrini au kwinini? Zote mbili zinaweza kuongeza mshuko.

Mvuvi wa Igombe:
Mimi naamka na 11 kila siku ingawa nameza vidonge hivyohivyo. Nikiongeza kimoja cha usiku kabla ya kwenda ziwani, haitasaidia?

Mfamasia Nyakato:
Hapana, kaka. Swali la hapa ni la sukari kushuka, na kidonge cha ziada usiku, ukiwa mtumbwini bila chakula, ndicho kitakachokuletea balaa lilelile mbali na nchi kavu. Peleka hiyo 11 kliniki.

Binti wa Kirumba:
Ahsanteni. Figo hazijapimwa. Septrini alimeza kweli, siku tano, kwa ajili ya kikohozi, na hakuna aliyetuuliza kama ana kisukari. Anatumia pia atenololi ya presha.

Mfamasia Nyakato:
Atenololi inaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, lakini jasho hubaki. Kwa hiyo jasho la baridi, ukali usio wa kawaida na kukosea hesabu ndizo dalili zenu. Usimwachishe dawa za sukari moja kwa moja, kwa maana sukari itapanda.

Mama Nansio:
Basi akianza kula saa tano, ameze cha asubuhi saa tano? Na cha jioni je?

Mfamasia Nyakato:
Hapo mimi sisemi. Vikisogeleana vinaweza kumshusha usiku akiwa usingizini, na huenda daktari akabadilisha dawa yenyewe. Kwa sasa ni rahisi zaidi chakula kiifuate dawa kuliko dawa kukifuata chakula.

Binti wa Kirumba:
Leo ameondoka na viazi viwili vya kuchemsha na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Kidonge amekiweka mfukoni, akimeze viazi vikiwa mkononi. Kliniki ni Alhamisi, nitauliza kuhusu figo na kidonge cha jioni.