Trela ianze na hadithi au na mchezo wenyewe? Nalinganisha matoleo mawili ya ukurasa wangu wa Steam

Nahodha_Kreti
Wakuu, gemu yangu ni ndogo. Unapanga makreti kwenye sitaha ya meli huku mawimbi yanaiyumbisha. Ukikosea, uzito unahamia upande mmoja na meli inalala. Ukurasa uko Steam kama "Coming Soon" kwa wiki sita sasa. Umefunguliwa mara 1,240, na walioiweka gemu kwenye orodha ya matamanio ni 31 tu.

Nina matoleo mawili. La kwanza ndilo lililoko hewani. Trela yake ni ya sekunde 74: inaanza na nembo yangu, yanafuata maandishi meupe kwenye giza kuhusu nahodha aliyerithi meli ya baba yake, kisha meli inapita kwa mbali jua likizama. Kreti la kwanza linasogezwa sekunde ya 19. Picha za skrini ni tano, zote za jioni, maana taa za jioni ndizo zilizonitoa jasho. Bangoni yupo nahodha, meli, paka wake na dhoruba.

Toleo la pili lina trela ya sekunde 48 inayoanza kreti likiwa tayari linateleza. Hadithi haimo. Picha ni za nyakati tofauti, na bango ni kreti moja linaning'inia kwenye kamba pamoja na jina la gemu. Moyo wangu uko kwenye la kwanza. Nyie mngeweka lipi?

PikseliTatu
La pili, bila kufikiria mara mbili. Mtu anayepitia duka hajui wala hajali baba wa nahodha ni nani, kwanza aone anafanya nini kwa mikono yake. Ila kwenye picha zima mita, vitufe na namba zote. Picha safi ndiyo inayovutia.

Tembo_wa_Kidoleni
Mimi gemu yangu ni ya simu, iko Google Play. Niliandika maneno makubwa juu ya kila picha, "Panga! Okoa! Shinda!", na upakuaji ukapanda. Pia usibishane na sisi, weka matoleo yote mawili kwenye jaribio, nusu ya watu waone hili na nusu lile, baada ya siku kadhaa unapata jibu.

Saa_Sita_Kamili
Tembo, majaribio hayo yapo Google Play, lakini Steam haina kitu kama hicho kwa ukurasa wa duka. Ukibadilisha, umebadilisha kwa wote. Unabaki kulinganisha kabla na baada, na hapo katikati wageni wenyewe wanaweza kuwa wamebadilika. Na maneno ya kunadi juu ya picha yaache huko huko kwenye simu. Steam inataka picha za skrini ziwe za gemu yenyewe ikichezwa.

Nahodha, kabla ya kuchagua toleo, fungua Steamworks, sehemu ya "Marketing & Visibility", uangalie hao 1,240 walitokea wapi. Bango lina kazi moja: mtu abonyeze. Likionekana mara nyingi halafu halibonyezwi, trela haijapata hata nafasi ya kukosea. Wakibonyeza wakafika kisha wakaondoka, hapo ndipo unailaumu trela na picha. Ukichanganya hayo mawili utarekebisha kisicho na kasoro.

Kwa trela yenyewe nakubaliana na Pikseli. Izime sauti, uitazame kwa sekunde tano, usimame. Mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako ataweza kusema mchezaji anafanya nini? Toleo la kwanza, hapana. Ameona nembo na giza. La pili ameona kreti, mteremko na mkono unaolidaka. Nembo ipeleke mwisho pamoja na jina la gemu.

Ila kuzima vitufe kwenye picha zote sikubali. Gemu yako ni ya kupima uzito. Ile mita inayoonyesha meli imelalia upande gani ndiyo inayomwambia mtu kwamba hapa kuna fumbo la kutegua. Ukiifuta, inabaki picha ya meli, na mtu anaweza kudhani ni gemu ya uvuvi. Iache angalau kwenye picha tatu, ila uisafishe isomeke.

PikseliTatu
Hiyo ya uvuvi imenigusa. Sawa, mita ibaki. Lakini namba za alama pale pembeni bado naona ni uchafu.

Saa_Sita_Kamili
Hizo ondoa, hazielezi kitu.

Jambo jingine ni mpangilio wa picha. Mtu akipitisha kipanya juu ya gemu kwenye orodha ya duka, zinapita picha chache tu, zile za mwanzo ulizotia alama kwamba zinafaa kwa rika zote. Kwa hiyo nne za kwanza ndizo ukurasa wako kwa mtu ambaye bado hajaingia. Zipunguze zote ziwe ndogo kama stempu, uzipange safu moja. Picha tano za jioni zitaonekana kama picha moja iliyorudiwa mara tano, hata ukiwa umehangaika na taa mwezi mzima. Weka asubuhi bandarini, dhoruba usiku, meli ikiwa imelala, na jioni yako nzuri kama ya nne.

Nahodha_Kreti
Nimeangalia takwimu. Kati ya 1,240, waliotoka ndani ya Steam ni 410 tu, na bango lilionekana mara 38,000 hivi. Waliobaki karibu wote walitoka kwenye kiungo nilichoweka kwenye kundi la watengenezaji wenzangu.

Saa_Sita_Kamili
Basi wengi waliokuja ni mafundi waliokuja kuona kazi ya fundi mwenzao. Hao 31 hawakuambii mengi kuhusu wachezaji. Cha kutazama ni 38,000 kwa 410, takriban mbonyezo mmoja kwa kila mara 93. Mimi ningeanza na bango. Lipunguze hadi pikseli 120 kwa 45, maana kuna orodha ambazo Steam inalionyesha kwa udogo huo, kisha mpe mtu asome jina.

Nahodha_Kreti
Nimejaribu. Paka amegeuka doa la kahawia, nahodha haonekani kabisa, na dada yangu amesoma neno moja kati ya matatu ya jina. Lile la kreti amelisoma lote, ila nimelazimika kukuza herufi mpaka zikajaza karibu bango zima.

Ninachofikiria: leo nibadilishe bango peke yake, niache wiki mbili, halafu ndipo trela na picha. Nisipofanya hivyo sitajua kipi kimefanya kazi.

PikseliTatu
Wiki mbili za kuendelea kuonyesha sekunde 19 za giza? Badilisha vyote leo. Kujua sababu ni kuzuri, lakini kila anayeondoka harudi.

Saa_Sita_Kamili
Hapa mimi na Pikseli tuko karibu zaidi kuliko unavyodhani. Wageni 410 kwa wiki sita ni wachache, wiki mbili zitakupa kama 140. Kwa idadi hiyo tofauti ndogo huwezi kuiona, utaona kubwa tu. Kama tarehe ya kutoka iko mbali, enda hatua kwa hatua. Kama iko karibu, weka vyote na uandike tarehe uliyobadilisha.

Tembo_wa_Kidoleni
Na ile trela ya hadithi unaitupa? Steam si inaruhusu trela zaidi ya moja?

Nahodha_Kreti
Inaruhusu. Nafikiria kuiweka ya pili, baada ya ile fupi, ila naogopa itasukuma picha mbali zaidi kwenye mstari, maana trela ndizo zinazotangulia. Kuna aliyewahi kuweka mbili akaona tofauti?