Udongo mwekundu wenye kina kirefu, mbona mahindi yamedumaa?

Mtemajembe: Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Kabla ya msimu huu nilisawazisha shamba la mteremko kwa trekta. Sehemu ya juu, palipokwanguliwa, mahindi yamedumaa na kingo za majani zimekuwa zambarau. Chini, udongo uliporundikwa, yamestawi. Huko juu nimechimba shimo la mita moja na nusu: wekundu mtupu, hakuna hata jiwe. Mpakani, ambapo trekta halikugusa, kuna sentimita 18 za udongo mweusi, kisha wekundu uleule. Udongo wenye kina hivi unakosaje rutuba?

Kijani: Wekundu ni chuma, na chuma ni chakula cha mmea. Trekta limeshindilia ardhi tu. Tifua kwa kina, yataamka.

Mama Samadi: Kwangu ni kichanga cheupe juu ya graniti, mbolea inaondoka na mvua ya kwanza. Na mimi nisawazishe?

Shimo la Udongo: Mama, usisawazishe. Graniti ina kwatzi nyingi, ndiyo inayobaki kuwa mchanga. Kinachokushikia mbolea ni mboji kidogo iliyo juu.

Kijani, kushindiliwa kunawezekana, na kunaweza kuongeza hiyo zambarau kwa kuzuia mizizi. Lakini rangi hiyo kwanza ni dalili ya njaa ya fosforasi, na chuma unachokisifu ndicho kinachoishikilia.

Mtemajembe, kina hicho ni alama ya uzee. Mvua na joto vimeumumunya mwamba kwa muda mrefu mno. Kalisi, magnesi na potasi vimeshuka na maji, vikabaki chuma, alumini na mfinyanzi usioshika virutubisho. Chakula kilichobaki kinazungushwa na majani yanayooza katika zile sentimita 18. Ndizo ulizozisukuma chini.

Hata mwamba mzuri huzeeka. Visiwa vya Hawaii vyote ni basalti, ila udongo wake una umri wa kuanzia miaka mia chache hadi takriban milioni 4. Ule wenye umri mdogo kabisa una naitrojeni kidogo, wa umri wa kati ndio wenye rutuba zaidi, na wa zamani kabisa una uhaba wa fosforasi.

Pima sampuli mbili kando kando: sentimita 0–20 na 20–40. pH ikiwa chini ya 5.5, alumini huenda inaumiza mizizi. Weka chokaa kwa kipimo cha maabara. Fosforasi iweke kwenye shimo la mbegu. Ukiimwaga shamba zima, chuma kitaikamata.

Mtemajembe: Nirudishe ule mweusi juu?

Shimo la Udongo: Mimi ningeurudisha, ukiwa mkavu.

Mama Samadi: Mimi ningeuacha. Trekta lipite tena hapo? Afadhali samadi na mikunde huko juu, hata ikichukua misimu mitano.

Mtemajembe: Nasubiri pH kwanza.